Slaidi ya pili ijitegemee

Ukizindua seramu mpya kwa karuseli Instagram, slaidi ya pili isiwe mwendelezo wa sentensi ya tiza, ile ya kuvuta hamu kwenye slaidi ya kwanza. Mtu akipita bila kuswaipu, Instagram huweza kumrudishia posti baadaye ikianzia slaidi ya pili, na tiza hakuisoma. Weka hapo chupa, jina na faida moja: "Seramu ya niasinamidi, hupunguza mafuta usoni kwenye joto la Dar." Ukirundika faida tano, anapita tena. Ushahidi ufuate: picha za kabla na baada zipigwe dirisha lilelile, saa ileile, maana mwanga ukibadilika watu watasema ni filta tu. Mwisho bei kwa shilingi na namba ya kuagizia. Kwa aliyekwisha kuswaipu, mbinu hii haiongezi kitu.