Oda ya kwanza na sapulaya mpya, igawe
Kama unataka pisi 500 kwa mtu ambaye hamjawahi kufanya kazi, usichukue zote, anza na 50 ulipie kawaida, zikija poa ndo unaagiza 450 zilizobaki kwa kutanguliza asilimia 30 na salio unalipa mzigo ukishakaguliwa kabla haujapakiwa. Na kwenye kukagua usilegeze kisa zile 50 zilikuwa safi, oda ndogo hata tapeli anaipiga vizuri ili akuvute, kwahiyo katoni za kufungua chagua mwenyewe, za katikati na za chini kabisa, sio alizokuwekea mbele. Akituma akaunti mpya ya malipo ghafla, mpigie kwanza kwa namba ya mwanzo. Mzigo ukiwa sawa salio lipa siku hiyohiyo, maana na yeye anakupima.