Kuchambua posho ya safari, daraja la usafiri na siku ya mwisho kwenye sera, gredi kwa gredi

Kazi yangu hapa Nairobi ni kukagua madai ya safari. Sera yetu ni pidiefu ndefu yenye viambatisho, nami nilitaka karatasi moja ya Ekseli: nikitaja gredi na mji, nione posho, daraja la usafiri na siku ya mwisho ya kudai.

Hatua ya 1: jua juu ni wapi. Kabla ya kugusa viwango, tafuta dereva yuko gredi gani na mkurugenzi yuko gani. Kwetu dereva ni gredi ya 10, mkurugenzi ya 1. Kwa hiyo "gredi ya 5 na zaidi" ni 5 kushuka hadi 1. Kuna mwaka tuliijaza kinyume, dereva akalipwa posho ya meneja kwa safari ya Kisumu. Kumkata mshahara mwezi uliofuata kulizua maneno mengi.

Hatua ya 2: vunja makundi. Sera ikisema "gredi ya 6 hadi 8", andika mistari mitatu, hata kama kiwango ni kimoja. Sababu iko kwenye tanbihi. Jedwali letu linawapa wote watatu daraja la kawaida kwenye ndege, lakini maandishi madogo chini yake yanamruhusu gredi ya 6 daraja la biashara safari ya ndege ikizidi muda wa saa 8, kwa idhini ya maandishi. London inaingia hapo, Johannesburg haiingii. Weka safu ya "sharti" kwa mambo kama hayo.

Hatua ya 3: posho inabeba nini? Tuseme Mombasa ni shilingi 12,000 kwa usiku, na kifungu kingine kinasema ofisi ikilipia malazi na chakula, mtu apewe robo. Jaza zote mbili, 12,000 na 3,000, kila moja kwenye safu yake.

Hatua ya 4: siku ya mwisho. Hapa ndipo watu hugombana. Andika mambo matatu: siku ngapi, za kazi au za kalenda, na zinaanza kuhesabiwa lini. Serikalini, Kanuni za Usimamizi wa Fedha za Umma za 2015 zinataka masurufu yarejeshwe ndani ya siku 7 za kazi baada ya mtu kurudi kituoni. Aliyerudi Jumatano, Oktoba 14, 2026, ukihesabu kalenda utamwambia Oktoba 21. Ukiruka wikendi tu utapata 23. Lakini Oktoba 20 ni Mashujaa, kwa hiyo jibu ni Jumatatu, Oktoba 26:

```
=WORKDAY(DATE(2026,10,14),7,DATE(2026,10,20))
```

Jibu likitokea kama namba tupu, badilisha muundo wa seli uwe wa tarehe.

Hatua ya 5: kila mstari uandikie ukurasa na tarehe ya waraka ulikotoka. Waraka mpya ukibadilisha posho, mara nyingi huacha daraja na siku za kudai kama zilivyokuwa, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kuwa na vyanzo viwili.