Kurekebisha PID ya hita ya chumba cha vifaranga: usiiache I ijirundike mchana

Jirani yangu wa Kitunda analea vifaranga kwenye chumba kidogo chenye paa la bati. Hita inawashwa na Arduino kupitia rilei ya kielektroniki, na joto linasomwa na kihisi cha DS18B20. Lengo ni nyuzi 30, kwa kuwa vifaranga wameingia wiki ya pili. Aliniita akasema, "Kaka, mchana wako sawa, ila usiku wanarundikana pembeni na hita wala haiwaki." Nyaya zilikuwa nzima na kihisi kilisoma vizuri. Tatizo lilikuwa kwenye PID, yaani hesabu ndani ya Arduino inayoamua hita iwake kwa asilimia ngapi: P inafuata tofauti ya sasa kati ya lengo na joto, I inajumlisha tofauti hiyo kadiri muda unavyopita, na D inafuata kasi ya kubadilika kwake. Kp, Ki na Kd ni namba zinazopanga nguvu ya kila moja.

1. Kihisi na rilei

Ning'iniza kihisi usawa wa migongo ya vifaranga, mbali na mdomo wa hita. Tumia rilei ya kielektroniki, si ile inayolia "ta, ta", maana ya namna hiyo kazi hii itaimaliza mapema. Gawa muda katika vipande vya sekunde 20: asilimia 40 maana yake hita iwake sekunde 8, izime 12. Rilei ya kielektroniki ikiungua, mara nyingi hubaki imewaka, kwa hiyo weka pia kikata joto cha pembeni kisichotegemea Arduino.

2. Pima chumba kabla ya kugusa namba

Sipendi kubahatisha Kp. Subiri usiku, kama saa nne, joto la nje likishatulia. Hita ikiwa imezimwa na vifaranga wakiwa kwingine, andika joto la chumba, kisha washa hita kwa asilimia 40 bila PID na uandike joto kila dakika mpaka litulie. Umeme ukikatika katikati, anza upya.

Kwa jirani chumba kilitoka nyuzi 26 kikatulia 34. Nyuzi 8 kwa asilimia 40 ni nyuzi 0.2 kwa kila asilimia moja; hiyo ndiyo K. Joto lilianza kupanda baada ya dakika 2, yaani L ni sekunde 120. Lilifika nyuzi 31, ambayo ni asilimia 63 ya safari, dakika 20 baada ya hapo, kwa hiyo T ni sekunde 1200.

3. Namba

```
Kp = T / (K * 3 * L) = 1200 / (0.2 * 360) = 16.7
Ki = Kp / T          = 16.7 / 1200       = 0.0139
Kd = 0
```

Hiyo 3 ni chaguo la mtu mwangalifu. D iache sifuri: chumba kinakwenda polepole, na D itakuza tu vijiruko vya kihisi.

4. I isijirundike

Hapa ndipo usiku mzima unaweza kupotea. Hita haijui kupoza. Jua la Dar likipiga bati, chumba kinafika nyuzi 33, na PID inaona tofauti ya −3. Hita imeshazima, lakini I inaendelea kujumlisha: 0.0139 mara 3 mara sekunde 3600 ni asilimia 150 chini ya sifuri kwa kila saa. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni, I imezama hadi −750. Usiku chumba kikishuka hadi nyuzi 27, P inadai asilimia 50, lakini I bado inavuta chini. Kwa kasi hiyohiyo ya 150 kwa saa, itapita zaidi ya saa nne kabla hita haijawaka.

Dalili haionekani kwenye joto peke yake. Chapisha I kwenye skrini kila dakika. Ukiiona chini ya sifuri au juu ya 100, umeshampata mwizi.

Kuibana I kati ya 0 na 100 kunasaidia, lakini hakutoshi. Chumba kikiwa nyuzi 24, P peke yake inafikisha 100, na I ikiendelea kupanda, joto litapitiliza lengo na kukawia kurudi. Kwa hiyo zuia I isijumlishe pale hita imefika ukingoni na tofauti inasukuma kulekule:

```
float e = lengo - joto;
float u = Kp*e + I;
bool juu   = (u >= 100 && e > 0);
bool chini = (u <= 0 && e < 0);
if (!juu && !chini) I += Ki*e*dt;
I = constrain(I, 0, 100);
u = constrain(Kp*e + I, 0, 100);
```

`dt` ni sekunde. Faida nyingine ya njia hii ni kwamba mchana I haifutiki yote: sehemu fulani ya kiasi cha usiku uliopita inabaki, na jioni hita inaanzia hapo.

Kabla ya mistari hiyo, kagua kihisi. Waya ukikatika, maktaba ya `DallasTemperature` inarudisha −127, na PID itawasha hita yote. Ukisoma −127, au 85 ambayo kihisi hutoa kinapowaka tu, zima hita na usiguse I.

5. Jaribu

Usiku pandisha lengo kutoka 30 hadi 31. Joto likipitiliza kidogo na kutulia, acha. Likipanda na kushuka bila kutulia, punguza Kp na Ki kwa theluthi, kisha rudia usiku unaofuata.

Vifaranga wakikua na ukifungua madirisha zaidi, K inabadilika. Rudia hatua ya 2.