Portali ya zamani inadai Java: njia zilizobaki za kuifungua

Ofisi moja ya kliaringi hapa Mombasa ina rekodi za mizigo ya zamani kwenye portali ya godauni lililoko Shimanzi. Ukurasa wa kuingia unafunguka, nywila inakubaliwa, kisha pale panapopaswa kutokea orodha ya kontena panabaki kisanduku cheupe. Karani akaniambia, "Fundi, mtandao umeanguka." Mtandao ulikuwa mzima. Orodha ile inachorwa na apleti ya Java, yaani programu ndogo inayoendeshwa ndani ya ukurasa, na Chrome iliacha kuendesha programu-jalizi za aina hiyo mwaka 2015, kwenye toleo la 45. Firefox ikafuata 2017, toleo la 52. Usihangaike kutafuta kitufe cha kuirudisha, hakipo.

Hatua ya 1: Jua inadai nini

Fungua ukurasa wenye tatizo, bonyeza Ctrl+U, halafu utafute moja ya haya:

```
<applet
application/x-java-applet
.swf
.jnlp
```

Mawili ya kwanza ni Java, na ndiyo ninayoyaeleza hapa. `.swf` ni Flash, iliyozimwa Januari 2021, jaribu Ruffle, programu inayoigiza Flash. Ukikuta `.jnlp` una bahati, kwa sababu programu hiyo huendeshwa nje ya kivinjari na OpenWebStart inaiweza.

Kabla ya kuendelea, mpigie simu mwenye portali umuulize kama kuna toleo jipya. Mara nyingine lipo ila hakuna aliyewaambia wateja.

Hatua ya 2: Washa hali ya Internet Explorer ndani ya Edge

Hali hii bado inaweza kuendesha programu-jalizi ya Java. Kwenye Windows, andika `edge://settings/defaultBrowser` katika Edge. Penye "Allow sites to be reloaded in Internet Explorer mode" chagua Allow, kisha uwashe Edge upya. Chini yake ongeza anwani ya ukurasa. Anwani hiyo hudumu siku 30 tu, halafu lazima iongezwe tena. Ofisi yenye kompyuta nyingi ni afadhali itumie orodha ya XML kupitia sera ya `InternetExplorerIntegrationSiteList`, ambayo haina kikomo hicho. Microsoft wameahidi kuitunza hali hii angalau hadi 2029.

Hatua ya 3: Weka Java 8

Si mpya zaidi ya hapo: programu-jalizi ya kivinjari iliondolewa kwenye Java 11. Chukua ya biti 32 hata kama Windows yako ni ya biti 64, maana kurasa za hali hii kwa kawaida huendeshwa kwa biti 32. Jambo la leseni pia: masasisho ya Java 8 ya Oracle yaliyotolewa tangu Aprili 2019 si bure kwa matumizi ya biashara, kwa hiyo mwenye ofisi ajue kabla hujapakua.

Kisha fungua Configure Java, kichupo cha Security, bonyeza Edit Site List na uandike anwani pamoja na mlango wake:

```
http://192.168.1.20:8080/
```

Ukiandika `https` ilhali portali inatumia `http`, au ukisahau 8080, ni sawa na kutoandika kitu.

Hatua ya 4: Soma kosa lenyewe

Ujumbe wa "Application Blocked by Java Security" maana yake ni kwamba sahihi ya kidijitali ya apleti imekwisha muda au haipo kabisa, na anwani yako haijaingia sawasawa kwenye orodha ile. Kama kisanduku ni kitupu na Java haisemi lolote, angalia kwanza suala la biti.

Kwa ofisi ile, yote mawili yalikuwa sawa na apleti bado ikakwama. Nikafungua kichupo cha Advanced, nikachagua Show console, na humo kukatokea `SSLHandshakeException`. Ukurasa ni wa `http`, lakini apleti yenyewe huongea na seva ya godauni kwa TLS, itifaki ya kusimba mawasiliano. Seva hiyo inajua TLS 1.0 pekee, na Java 8 imeizima tangu toleo 8u291 la 2021. Inarudishwa kwa kufuta `TLSv1` kwenye mstari wa `jdk.tls.disabledAlgorithms` ndani ya faili `lib\security\java.security`, kisha kuweka alama kwenye Use TLS 1.0 katika Advanced. Kila Java ikisasishwa, faili hilo laweza kuandikwa upya na tatizo likarudi.

Ukishairudisha TLS 1.0, usiiache kwenye kompyuta ambayo karani anasomea barua pepe. Java hiyo niliiweka ndani ya mashine pepe ya Windows, na ukuta wa moto ukairuhusu mashine hiyo kufika kwenye seva ya godauni tu. Watu hupenda kurudisha Firefox ya zamani kwenye kompyuta ya kila siku kwa kuwa ni rahisi. Mimi sikubali, kivinjari kisichosasishwa tangu 2018 hakifai kugusa intaneti.

Hatua ya 5: Toa rekodi humo

Apleti nyingi hazina kitufe cha kuhifadhi faili, lakini zina cha kuchapisha. Chagua Microsoft Print to PDF badala ya printa, na kila faili ulipe namba ya kontena na mwaka. Anza na mizigo ambayo bado ina madai au ukaguzi wa forodha. Iliyofungwa inaweza kungoja.