Kunyoosha ringi la nyuma la baiskeli ya mizigo ili spoku isikatike tena palepale

Baiskeli nyingi tunazoletewa hapa Ngamiani, Tanga, ni zile nyeusi kubwa za kazi, na malalamiko ni yaleyale: "Fundi, spoku imekatika tena, na ni palepale." Ukiining'iniza baiskeli na kuzungusha gurudumu, mara nyingi unakuta ringi linakwenda sawa. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ringi linaweza kunyooka kabisa huku spoku zake zikivuta kwa nguvu zisizolingana, na gurudumu la namna hiyo litaendelea kukata spoku.

Spoku haibebi mzigo kwa kusimama kama nguzo, maana ni nyembamba na ingepinda mara moja. Inafanya kazi kwa sababu imevutwa tangu mwanzo. Mzigo ukikaa juu, spoku zilizo chini ya habu, zinazoelekea ardhini, zinapungua mkazo. Gurudumu likizunguka zikaondoka pale chini, mkazo unarudi. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa gurudumu, kila spoku inalegezwa na kuvutwa mara moja. Iliyokazwa vizuri inapungua kidogo tu, haiishiwi. Iliyolegea inaishiwa mkazo kabisa, shingo yake inachezacheza kwenye tundu la habu, inapinda na kunyooka mzunguko baada ya mzunguko, mpaka chuma kinachoka. Ndiyo maana nyingi hukatikia shingoni, pale ilipokunjwa. Mtu akiona spoku imekatika hudhani ilikazwa mno, kumbe mara nyingi ililegea. Iliyokazwa kupita kiasi huonekana kwingine: ringi linapata ufa kuzunguka tundu la nati, au nati yenyewe inalika kona hata spana haishiki.

Nichukue gurudumu moja la kijana anayebeba samaki kutoka dikoni. Ni la nyuma, lina spoku 40, yaani 20 kila upande. Ilikatika spoku ya kushoto. Spoku ya kushoto ikikatika, za kulia zilizo jirani nayo hubaki zinavuta peke yake, na ringi hapo huenda kulia. Fundi aliyetangulia aliweka spoku mpya, akaikaza kidogo, kisha akalegeza mbili za kulia mpaka ringi likanyooka. Kwa macho limepona. Kwa kweli sasa lina kipande chenye spoku tatu legelege, na mzigo wote ukipita hapo hakuna kinachoushikilia.

Hatua ya kwanza: hakikisha habu haichezi. Shika ringi, litikise kushoto na kulia. Likigonga, tatizo liko kwenye koni na gololi. Rekebisha hapo kwanza, la sivyo utakuwa unafukuza yumbo ambalo haliko kwenye spoku.

Hatua ya pili: mafuta. Chumvi ya bahari yetu inakamata nati za spoku. Tia tone pale spoku inapoingia kwenye nati, na jingine pale nati inapokaa kwenye ringi, uache usiku mzima. Ukilazimisha nati iliyokamata, spoku inajisokota badala ya nati kuzunguka, kisha baiskeli ikitembea inajisokotoa na ringi linarudi kuyumba. Ukizungusha, weka vidole viwili kwenye spoku. Ukiisikia inasokoteka, pitiliza kidogo halafu rudisha nyuma kiasi hichohicho.

Hatua ya tatu: sikiliza kabla hujashika spana. Hii ndiyo hatua ninayoipenda na ndiyo inayorukwa sana. Piga kila spoku katikati kwa kucha, upande wa kushoto wote, kisha wa kulia wote. Linganisha za upande mmoja zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu kwenye baiskeli zenye gia nyingi upande wa gia lazima ukaze zaidi. Sauti kali ni mkazo mkubwa, sauti nzito ni mkazo mdogo. Kwenye gurudumu la yule kijana, zote zililia isipokuwa zile tatu. Zilitoa mlio mfu. Zitie alama ya chaki.

Hatua ya nne: kaza kipande kilicholegea, pande zote mbili. Usiikaze ile ya kushoto peke yake, maana itavuta ringi kushoto. Kaza ya kushoto robo mzunguko, na zile mbili za kulia kila moja nusu ya hapo, ukizungusha gurudumu na kupiga kucha kila baada ya raundi. Angalia uelekeo wa mkono wako: ukitazama kutoka upande wa tairi, nati inakazwa kwa kufuata saa, lakini ukitazama kutoka habuni inaonekana kinyume.

Kaza mpaka sauti zifanane na za jirani. Ringi likianza kuegemea upande mmoja, malizia kwa kulegeza robo upande huo na kukaza robo upande wa pili, ili mkazo wa jumla usibadilike. Funga kipande cha waya kwenye fremu, ncha yake ikaribie ringi, uone nafasi inavyobadilika. Yumbo la milimita 1 kwa baiskeli ya mizigo ni kazi nzuri.

Usisahau kuangalia ringi linavyoruka juu na chini. Kipande kilicholegea huwa kimetoka nje kidogo, na baiskeli zetu za breki za vyuma zinabana upande wa ndani wa ringi, kwa hiyo dereva anaisikia breki ikishika na kuachia. Ukikaza kushoto na kulia kwa pamoja, ringi linavutwa kuelekea habu na mruko unapungua wenyewe.

Hatua ya tano: bana spoku. Shika spoku mbili zinazokwenda sambamba upande mmoja, zibane kwa nguvu mkononi, uzunguke gurudumu zima. Shingo zinakaa vizuri kwenye matundu na msokoto uliobaki unatoka, utasikia zikilia. Kagua tena, utakuta kuna za kuguswa kidogo. Kama umekaza zaidi ya mzunguko mzima, vua tairi uone kama ncha ya spoku imetokeza juu ya nati. Ichonge kwa tupa kabla haijatoboa mpira wa ndani.

Kuna gurudumu ambalo hatua hizi hazitaliponya, na namna ya kulijua ni hii: ringi linakwenda kushoto, lakini ukipiga kucha pale unakuta za kushoto tayari zimelegea na za kulia zimekaza sana. Hapo chuma cha ringi chenyewe kimepinda, pengine kwa kuingia shimoni. Ukilazimisha kwa spoku utapata ringi nyoofu lenye za kushoto zisizo na mkazo, na ugonjwa utaanza upya. Toa spoku za hapo, nyoosha ringi kwa nguvu, au badilisha ringi.

Pikipiki inafuata mantiki ileile, ila spoku ni nene, hivyo kwa kila hatua zungusha kiasi kidogo kuliko cha baiskeli, na gonga kwa bisibisi badala ya kucha. Miongozo mingi ya watengenezaji inaruhusu yumbo la mpaka milimita 2.

Yule kijana nilimwambia apakie mzigo wake wa kawaida siku chache kisha arudi nipige kucha tena, maana spoku mpya hujikalia na kulegea kidogo mwanzoni. Nilimwambia pia kwamba spoku nyingine ya kushoto ikikatika shingoni, tutabadilisha zote 20 za upande huo. Zimezunguka safari zilezile chini ya mizigo ileile, na shingo zake zimechoka kwa pamoja.