Kabla ya kuburuta klipu ya kwanza kwenye taimlaini

Chukua harusi ya kawaida ya Dar es Salaam. Unarudi na kadi za kamera mbili zilizorekodi 1920x1080 kwa fremu 25 kwa sekunde, jumla saa tatu na dakika arobaini. Kuna dakika tisa za droni, 3840x2160 kwa fremu 29.97. Halafu shangazi wa bibi harusi ametuma dakika ishirini na mbili za simu, karibu fremu 30. Kamera zilikuwa kwenye 25 kwa sababu umeme wetu ni hezi 50, na kwa mpangilio huo taa za ukumbi hazipepesi kwenye picha.

Swali ni taimlaini iwe na fremu ngapi kwa sekunde na vipimo gani vya picha, na jibu ni kufuata kifaa chenye dakika nyingi zaidi. Jambo la kwanza ni kujua ulichonacho kabla ya kukiingiza kwenye programu. Fungua klipu moja ya kila kifaa kwa MediaInfo, au tumia amri hii:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=width,height,r_frame_rate,avg_frame_rate -of default=nw=1 klipu.mp4
```

Kisha hesabu dakika, usihesabu mafaili. Simu inaweza kuleta klipu sitini fupi huku kamera ikileta kumi ndefu, na bado kamera ndiyo itakayobeba filamu. Hapa jibu liko wazi: taimlaini iwe ya fremu 25.

Katika DaVinci Resolve, nenda Project Settings, Master Settings, uweke Timeline frame rate kuwa 25 wakati Media Pool bado tupu. Mradi mpya huanza na 24, na ukishaingiza klipu, namba hiyo hufungwa. Mimi niliwahi kuanza na klipu ya droni kwa sababu ilikuwa nzuri. Programu ikauliza kama ibadilishe kasi ya fremu ya mradi ifuate klipu, nikabonyeza Change bila kusoma. Nilihariri dakika arobaini kabla ya kugundua kwamba maharusi wakiingia ukumbini wanatembea kwa kushtuka-shtuka.

Sababu yake ni hesabu tu. Ili fremu 25 zijaze 30, programu inarudia fremu tano kila sekunde. Ukitaka kuhakiki, tafuta mtu anayekatiza mbele ya kamera, kisha songa fremu moja moja kwa kitufe cha mshale: katika kila fremu sita utakuta mbili zinazofanana kabisa. Kwenye picha iliyotulia huoni kitu, ndiyo maana kosa hili hujificha hadi kamera igeuke au watu waanze kucheza. Unaweza kufungua taimlaini mpya ya 25 kwa kuondoa alama kwenye Use Project Settings na kunakili kazi yako humo, lakini itabidi upitie kila mkato, kwa sababu mingine itakuwa imesogea kidogo.

Ukishachagua 25, klipu za droni na simu nazo zinahitaji kupangiwa nafasi. Droni ni rahisi, kwa kuwa haina sauti unayoitegemea. Kwenye Clip Attributes mwambie Resolve aisome kama 25. Itakwenda kwa takriban asilimia 83 ya kasi yake, kila fremu itaonekana mara moja, na picha inayopita taratibu juu ya ukumbi inapendeza hivyo hivyo. Kwa simu hilo halifai, maana shangazi anaongea na midomo itaachana na maneno. Iache ipoteze fremu moja katika kila sita, na uitumie kwa vipande vifupi. Optical Flow, inayobuni fremu za katikati, huweza kulainisha, ila mara nyingi hupinda vidole na mikono inayopunga.

Simu ina tatizo jingine: nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilika. MediaInfo ikiandika Variable, igeuze kwanza iwe ya kasi moja, la sivyo katika klipu ndefu sauti inaweza kuanza kuachana na picha:

```
ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 16 -c:a copy simu_30.mp4
```

Vipimo vya picha havina ukali huo, kwa kuwa unaweza kuvibadilisha hata katikati ya kazi. Hata hivyo ningeweka 1920x1080 na kubaki hapo. Taimlaini ya 4K ina pikseli mara nne zaidi, na picha za kamera zako zingetanuliwa zijaze nafasi hiyo, zikalegea pembeni mwa droni iliyo kali. Kwenye 1080 mambo yanageuka kuwa faida: klipu ya droni unaweza kuikuza hadi mara mbili, ukaondoa gari la jirani lililoingia ukingoni, bila kupoteza ukali wowote. Mteja akidai 4K, mwambie kabla ya kuanza kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ilirekodiwa kwa 1080.