Kabla ya kuchora duara: mipaka ya pembe katika 2cos(2x − 30°) ≥ 1

Katika darasa letu la marudio la Jumamosi hapa Kisumu, swali hili limewakosesha alama watahiniwa wengi kuliko lingine lolote la trigonometria: tafuta thamani zote za x zinazotimiza 2cos(2x − 30°) ≥ 1, x ikianzia 0° hadi 360°, mipaka yote miwili ikiwemo. Hesabu yenyewe wanaiweza. Wanachokiruka ni matayarisho ya dakika tatu kabla ya bikari kugusa karatasi, na hayo ndiyo nataka tuyapitie.

Anza na kikokotoo, kwa sababu hakichukui muda. Bonyeza sin 30. Ukipata 0.5 kiko kwenye nyuzi, endelea. Ukipata −0.988 kiko kwenye radiani, na kila jibu utakaloandika litakuwa limeharibika kabla hujaanza.

Kisha ibakishe cos peke yake upande mmoja. Hapa tunagawanya kwa 2, ambayo ni chanya, kwa hiyo alama haigeuki: cos(2x − 30°) ≥ 0.5. Ingekuwa −2, alama ingegeuka kuwa ≤. Na kama swali lina sin x au cos x pande zote mbili, usigawanye kwa hiyo kamwe. Sin x ni chanya kwenye nusu ya juu ya duara na hasi kwenye nusu ya chini, kwa hiyo hujui kama alama igeuke au ibaki. Hamishia kila kitu upande mmoja, utafute vigawo.

Sasa jambo lenyewe. Ndani ya mabano hamna x, mna 2x − 30°. Duara halimjui x. Linaijua pembe nzima iliyo ndani ya mabano. Ipe jina lake, tuiite u. Halafu, kabla ya lolote lingine, uliza: x inapotembea kutoka 0° hadi 360°, u inatembea kutoka wapi hadi wapi? x ikiwa 0°, u ni −30°. x ikiwa 360°, u ni 720° − 30°, yaani 690°. Andika mstari huu juu ya ukurasa na uuzungushie kalamu: −30° ≤ u ≤ 690°.

Tazama mstari huo unavyosema. Kutoka −30° hadi 690° ni nyuzi 720, yaani mizunguko miwili kamili, na mzunguko wa kwanza hauanzii sifuri. Unaanzia chini kidogo ya mhimili wa mlalo, upande wa kulia. Fikiria matatu inayozunguka raundabauti mara mbili huku wewe umesimama mbele ya duka moja pembeni. Itakupita mara mbili, si mara moja. Mwanafunzi anayeandika jibu moja tu ameihesabu matatu ilipopita mara ya kwanza, akaenda zake.

Hapo sasa chora duara la nusukipenyo 1, kubwa kiasi cha kujaza robo ukurasa. Duara dogo kama sarafu halikuonyeshi kitu. Kosaini husomwa kwenye mhimili wa mlalo, kwa hiyo mstari wa kukata duara unasimama wima, ukipita 0.5. Kwa saini ungelala. Hili huchanganywa sana, hasa pale ambapo mhimili wa mlalo umeandikwa x na pembe ya swali nayo inaitwa x. Mimi siandiki herufi yoyote kwenye mihimili.

Mstari huo wima unakata duara mahali pawili: kwenye 60° juu, na kwenye 300° chini. Tunataka kosaini iwe 0.5 au zaidi, kwa hiyo paka rangi tao lililo kulia kwa mstari. Na hapa ndipo mtego ulipo. Tao hilo linapita juu ya sifuri. Wengi huandika 300° ≤ u ≤ 60°, wakaendelea bila kushtuka. Soma hicho ulichoandika kwa sauti: pembe iliyo kubwa kuliko 300 na papo hapo ndogo kuliko 60. Hakuna namba kama hiyo. Wiki iliyopita binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, lakini tao naliona, kwa nini haliandikiki?" Linaandikika, ila lazima uanze kuhesabu kabla ya sifuri: −60° ≤ u ≤ 60°. Ile 300° na −60° ni nukta moja kwenye duara, zenye majina mawili.

Ukishalipata tao katika umbo hilo, liongezee 360° kila mara kupata majina yake mengine: 300° hadi 420°, kisha 660° hadi 780°. Sasa rudi kwenye mstari uliouzungushia kalamu na ukate kila tao kwa mipaka yake. La kwanza linaanzia −60°, lakini u haiendi chini ya −30°, kwa hiyo linabaki −30° hadi 60°. La pili lote limo ndani. La tatu linaishia 780°, nasi tunasimama 690°, kwa hiyo linabaki 660° hadi 690°.

Mwisho ndipo unarudi kwa x: ongeza 30°, gawanya kwa 2. Tao la kwanza linatoa 0° ≤ x ≤ 45°, la pili 165° ≤ x ≤ 225°, la tatu 345° ≤ x ≤ 360°. Ukitakiwa kuandika kwa radiani, nukta za kukatia ni π/4, 11π/12, 5π/4 na 23π/12.

Kipande cha tatu ndicho kinachopotea mara nyingi zaidi. Anayepotezwa nacho ni yule aliyeanza na 0° ≤ x ≤ 360° akalitumia hilo hilo kama mipaka ya u. Huyo huishia na 0° ≤ u ≤ 60° na 300° ≤ u ≤ 360°, na akirudi kwa x anapata 15° hadi 45° na 165° hadi 195°. Ukitaka kumwonyesha kosa lake, mwambie ajaribu x = 350°. u ni 670°, ambayo ni sawa na 310°, na kosaini yake ni kama 0.64. Inatimiza swali, lakini haimo katika jibu lake.

Kuna ukaguzi mmoja ninaoupenda. Tao lililopakwa rangi ni nyuzi 120 kati ya 360, yaani theluthi ya duara. Kwa kuwa u ilizunguka mizunguko kamili, majibu ya x nayo lazima yawe theluthi ya 360, yaani 120. Jumlisha: 45 na 60 na 15 ni 120. Jibu la yule wa mipaka isiyobadilishwa lina 30 na 30, jumla 60, na linajisema lenyewe kwamba lina upungufu. Ila usiutumie ukaguzi huu pale mizunguko isipokuwa kamili. Swali hili hili likiishia x = 270°, u inaishia 510°, ambao ni mzunguko mmoja na nusu; majibu ni 0° hadi 45° na 165° hadi 225°, jumla 105, ilhali theluthi ya 270 ni 90. Jibu ni sahihi, na theluthi haikubali. Hapo kagua kwa kujaribu namba moja ndani ya kila kipande na moja nje yake.